Nembo Yako Ianzie Kwenye Muhuri, Si Kwenye Simu

Leo nimekuja kugomba. Ninaogomba nao ni mafundi wenzangu tunaoshona sare za skuli, pamoja na hao vijana wanaotuchorea nembo. Ninalolipinga ni hili la kutengenezewa nembo kwa ajili ya kupendeza kwenye simu, kisha tukaitegemea ifanye kazi kwenye risiti, kwenye lebo ya shingoni na kwenye mfuko wa kaki. Haifanyi, na haitafanya, na hasara inaangukia kwa fundi, si kwa aliyeichora.

Nembo zetu zote mnazijua, zinafanana kama pacha. Kuna cherahani ya mkono, kuna sindano imesimama, kuna uzi umetoka kwenye sindano ukazunguka mpaka ukaandika jina la duka. Pembeni yuko mtoto wa kike na ushungi na mtoto wa kiume na mkoba. Chini kuna kitabu kimefunguliwa, na maneno "sare za skuli, madrasa na kazini". Vyote hivyo vimepakwa dhahabu inayong'aa juu na kufifia chini, juu ya zambarau. Ukiiweka kwenye WhatsApp shoga zako wote wanakupongeza kwa makopakopa. Sasa ipeleke kwa mtengeneza mihuri uone kinachorudi: doa.

Kwa nini inakuwa doa? Tufanye hesabu kidogo, wala si ngumu. Nembo ukiitazama kwenye simu ina upana wa kama sentimita 6, yaani milimita 60. Ule uzi unaozunguka jina una unene wa nusu milimita hivi, na zile herufi za chini zina kimo cha milimita 3. Kwenye simu unaziona bila tabu. Muhuri mdogo wa kawaida wa kujipaka wino una uso wa milimita 38 kwa 14. Ukiacha nafasi kidogo ya ukingo, nembo yako inabakiwa na kimo cha milimita 12. Kutoka 60 kuja 12 umeigawa mara tano. Basi uzi wako nao umegawika mara tano, umekuwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mwembamba kama unywele. Herufi za milimita 3 zimekuwa nusu milimita na ushei. Hakuna jicho litakaloisoma, na hakuna mpira utakaoishika.

Mpira una tabia zake, na anayekuchorea nembo bila kuzijua anakuchezea pesa. Muhuri mwingi siku hizi hukatwa kwa mashine ya leza. Leza inachoma mpira pembeni mwa mchoro, na mchoro unabaki umesimama kama ukuta mdogo. Ukuta mwembamba sana hauna nguvu: ukiugandamiza unalala upande, na baada ya miezi ya kugonga risiti unamomonyoka. Mimi sikubali mstari wowote uliopungua nusu milimita ukishafika kwenye ukubwa wa muhuri. Wengine watakwambia hata thuluthi ya milimita inashika. Inashika muhuri ukiwa mpya, kwenye karatasi laini, mkononi mwa mtu mtulivu. Sisi tunagonga mwezi wa kwanza skuli zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni, na mfuko wa kaki una mikunjo.

Halafu kuna wino. Wino hauketi pale ulipowekwa, unatambaa. Mstari unanenepa kidogo na tundu linapungua kidogo. Ndiyo maana tundu la "a" na la "e" huziba kwanza, na nafasi baina ya mistari miwili iliyokaribiana hugeuka mstari mmoja. Kwa hiyo nafasi nyeupe ina haki kama mstari mweusi, na mimi naipa zaidi: ikiwa mstari ni nusu milimita, nafasi iwe milimita nzima. Kinyume chake nacho kina balaa. Wapo wanaosema basi tuweke duara jeusi zima, na jina liandikwe kwa weupe ndani yake. Eneo kubwa la mpira lililojaa wino haligongi sawasawa. Pembeni linakuwa zito, katikati linatoa upara, na zile herufi nyeupe zinamezwa na wino kutoka kila upande. Nembo ya muhuri inataka maumbo manene kiasi, yenye hewa baina yao.

Na rangi? Muhuri una rangi moja tu, ile ya wino. Dhahabu yako inayofifia haina pa kwenda. Mtengeneza muhuri akipokea picha yenye kivuli na rangi za kati kwa kati, mashine yake inaijua nyeusi na nyeupe tu. Ama ataigeuza yote nyeusi, ama itapotea nusu, ama itakuwa vinukta vidogo vitakavyoziba kwa wino siku ya pili. Msimlaumu yeye. Alipewa kitu ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mtaniambia, ni muhuri tu, kuna nini? Kuna haya. Yuko mwenzetu mmoja wa kazi, fundi mzuri, mshono wake hauna shaka. Alishona sketi za buluu za skuli, na kila moja akaitia lebo ya utepe mweupe aliyoigonga kwa muhuri wake wenye cherahani na uzi na mtoto. Mtaani kwao yuko fundi mwingine, naye muhuri wake una cherahani na uzi na mtoto. Zote mbili kwenye utepe zikawa doa la buluu lenye mkia. Sketi za yule mwingine zikafumuka pindo na zipu, na wazazi wakamjia huyu. Akawaambia, hizi si zangu. Wakamwonyesha lebo. Atasema nini, na doa ni doa? Alizirudia baadhi bila malipo ili asiharibikiwe jina, kisha karani wa skuli akamrudishia na risiti zake, akasema muhuri hausomeki na mhasibu hazipokei. Malipo yalichelewa, na nyumbani watoto wanamsubiri yeye.

Muhuri kwetu sisi ni ushahidi. Karatasi isiyo na muhuri unaosomeka, ofisini haina uzito. Na lebo ndani ya nguo ni kauli yako kwamba kazi hii nimeifanya mimi, ikiharibika nirudishieni. Hiyo ni amana. Fundi ambaye lebo yake haisomeki, hata kama hakukusudia, amejificha kwa mteja wake. Na anayeshona vibaya anafurahi sana nembo zikifanana.

Sasa nisiwe wa kulaumu tu. Nionyesheni nembo inayofaa, mtasema. Haya, tuijenge pamoja.

Kwanza tunachagua kitu kimoja. Si cherahani, kwa sababu cherahani ina gurudumu, mkono, kigingi cha uzi na sindano, na ukiipunguza vyote hivyo vinakuwa uvimbe. Isitoshe, cherahani inamtaja kila fundi, mshona magauni ya harusi na mshona mapazia pia. Sisi tunashona sare. Basi tuchukue kola ya shati. Kola ukiitazama kwa mbele ni pembetatu mbili zinazoinamiana, na chini yake katikati kuna kifungo kimoja. Pembetatu mbili na duara moja, basi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuichora kwa kumbukumbu, na hicho ndicho kipimo changu cha nembo nzuri.

Tunaiweka kwenye muhuri wa milimita 38 kwa 14. Kola na kifungo chake vinakaa kushoto kwa kimo cha milimita 11. Baina ya pembetatu mbili tunaacha nafasi ya milimita 1. Kifungo kina upana wa milimita 3. Kijana wa kompyuta hapo atataka kukitoboa matundu manne ili kionekane kifungo kweli. Mkatalieni. Kila tundu litakuwa dogo kuliko ncha ya kalamu, litaziba, na ukibahatika litaziba moja tu na mengine yabaki, ionekane kama kasoro. Duara zima likiwa chini ya kola jicho lenyewe linajua kuwa ni kifungo. Hapana haja ya kulieleza.

Kulia tumebakiwa na milimita 23 hivi. Jina la duka la herufi saba, kwa herufi kubwa nene zisizo na mikia, linaenea kwa kimo cha milimita 4. Chini yake namba ya simu yenye tarakimu kumi inaenea kwa kimo cha milimita 2 na nusu. Nafasi imekwisha, na ni vyema ikwishe. Hakuna "sare za skuli, madrasa na kazini", hakuna "ubora ndiyo dini yetu", hakuna jina la mtaa na nyumba ya pili kutoka msikitini. Anayeshika risiti yako anataka mambo mawili tu: nani huyu, na nampigia wapi. Jina likiwa refu, fupisha jina kwenye muhuri au nunua muhuri mpana zaidi, lakini usipunguze herufi mpaka zikafa.

Sasa ishushe tena, iende kwenye lebo ya shingoni. Hapo namba ya simu na jina vinaweza kukaa mstari wao, na kola ikawa na kimo cha milimita 6. Ile nafasi ya milimita 1 imekuwa nusu milimita na kidogo, bado iko wazi. Kifungo kimekuwa milimita 1 na nusu na kidogo, bado ni duara. Ishushe tena kwenye kile kiduara cha picha ya WhatsApp anachokiona mteja kwenye orodha ya majina. Pale weka kola na kifungo peke yake, bila jina, kwa sababu jina limeshaandikwa pembeni yake. Unaitambua. Hiyo ndiyo nembo: haikubadilika sura kila ilipopita.

Watakwambia nembo ya rangi moja ni ya kimasikini, na kwamba mteja wa leo anapenda rangi. Naipenda rangi mimi, nani haipendi? Lakini rangi ni kilemba, unavaa baada ya nguo. Kola yetu ile ukitaka ipake zambarau kwenye bango, ipake dhahabu kwenye kadi ya Idi, itakubali. Nembo iliyoanza nyeusi inapokea rangi yoyote. Iliyoanza na rangi, ukiivua, inabaki uchi.

Na kuhusu umasikini, nendeni mkafungue masanduku ya mama zenu. Kuna kanga mule za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Alama yake iliyochapwa kwenye kanga ilikuwa nini? "K.H.E. Mali ya Abdulla." Herufi tatu na maneno matatu, kwa maandishi madogo. Haina sindano wala dhahabu wala jua linalochomoza. Na bibi zetu wangapi walikuwa wakiitafuta alama ile kabla hawajatoa pesa? Waliitambua kwa sababu ilikuwa inasomeka na haikubadilika, na nyuma yake kulikuwa na kanga yenye sifa.

Nina maneno mawili mengine, na haya ni ya adabu zaidi kuliko ya uchoraji.

La kwanza, acheni kutia Bismillahi, jina la Mwenyezi Mungu au aya kwenye nembo ya duka la sare. Najua nia ni njema, ni kutafuta baraka. Lakini fikiria inakokwenda nembo yako. Inakwenda kiunoni mwa suruali ya mtoto anayeingia nayo msalani. Inakwenda kwenye mfuko wa kaki unaofungiwa dagaa kisha ukatupwa jaani. Inakwenda kwenye risiti inayookotwa chini na kukanyagwa. Halafu maandishi ya Kiarabu yana nukta, na nukta ndiyo ya kwanza kuzibwa au kupotea kwenye mpira, na nukta ikipotea herufi imegeuka nyingine. Bismillahi iseme unapoanza kukata kitambaa. Hapo ndipo pahala pake.

La pili, nembo yako isifanane na beji ya skuli wala isikae pahala pa beji. Wapo wanaochukua ngao na kitabu kutoka beji ya skuli wanayoishonea, wakazigeuza kidogo wakaziita nembo yao. Beji ni ya skuli. Mfuko wa shati na kifua ni vya skuli. Pahala pa fundi ni ndani: shingoni, kiunoni, kwenye mshono wa ubavuni. Kwa ajili hiyo hiyo alama yako lazima iwe na nguvu ikiwa ndogo, maana ndogo ndiyo haki yako kwenye nguo ile.

Mwisho, kabla hujamlipa kijana wa nembo, mfanyie majaribio, wala usione haya. Mwambie akuchapie nembo nyeusi tupu kwenye karatasi, kwa kimo cha milimita 12 na cha milimita 6. Iweke mezani, rudi nyuma hatua mbili, ufinye macho. Ikiwa umebaki na umbo, kuna nembo. Ikiwa umebaki na wingu, arudi akapunguze vitu. Kisha itoe fotokopi, fotokopi ile nayo itoe fotokopi, mara tatu. Risiti zetu ndivyo zinavyosafiri ofisini. Kitakachopotea kwenye fotokopi ya tatu hakikuwa na kazi tangu mwanzo, kitoe.

Muhuri ukishakatwa, gonga mara ishirini mfululizo kwenye mfuko wa kaki, si kwenye karatasi nyeupe ya dukani kwake. Tazama mgongo wa kumi na tano na wa ishirini. Matundu yakianza kuziba hapo, mwezi wa kwanza yataziba zaidi. Na ukitaka kugonga lebo za utepe, usitumie wino wa ofisini. Mwingi wake ni wa maji, utatoka kwenye foo la mwanzo na kuchafua ushungi mweupe wa mtoto wa watu. Tafuta wino wa nguo, uupige pasi kama maelezo ya chupa yanavyotaka, kisha kifue kipande cha majaribio mara tano kwa sabuni, na mara moja kwa jiki, kwa sababu mama mwenye ushungi mweupe jiki atatia tu. Ikibaki inasomeka, shona. Isipobaki, agiza lebo za kufumwa kiwandani, na hapo pia ile kola yenye maumbo matatu itafumika vizuri, lakini uzi ule unaozunguka hautafumika.

Na usikubali kupewa JPG peke yake. Hiyo ni picha ya vinukta, ukiikuza inachanika ukingo. Dai faili la mistari, SVG au PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea yenyewe, yenye nyeusi tupu bila kijivu. Akikwambia hana, basi hakuchora nembo, ameokota picha mahali na kuandika jina lako juu yake. Wengine wameshapewa picha hiyo hiyo, ndiyo maana mtaa mzima una cherahani moja.

Kizuri chajiuza, wamesema wazee, lakini lazima kijulikane ni cha nani. Shona mshono ulionyooka, kisha utie alama ambayo mama wa mtoto ataisoma jioni, kwa taa ya simu, nguo ikiwa imeshafuliwa mwaka mzima. Nembo isiyofika hapo ni pambo la simu, na simu haivai sare.